Slaidi 22 ziwe tano: nilichobakisha na nilichotupa

Mara ya kwanza nilipoambiwa mada yangu ya dakika ishirini iwe ya dakika tano, nilifuta slaidi chache za mwisho mwisho, nyingine nikazibana mbili mbili ndani ya moja, nikajiambia zilizobaki nitazipitia mbio. Ukumbi ulikuwa hapa hapa Mjini, Zanzibar, madirisha wazi, jua limeipiga skrini. Kengele ililia nikiwa kwenye ramani. Mwenyekiti akasema ahsante sana, mengine tutayasoma kwenye ripoti. Watu wakapiga makofi ya heshima, na hakuna hata mmoja aliyejua nilichokigundua baharini kwa miezi yote ile.

Mara ya pili nilikuwa na siku tatu, na hiyo ndiyo nataka niwasimulie nyinyi mnaoanza kuwasilisha, kwa sababu nadhani safari hiyo niliifanya kwa mpangilio.

Mada yenyewe ilikuwa kilimo cha mwani. Biashara hii ilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na aina zinazolimwa hapa ni mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini kwenye maji mafupi inateseka: yakipwa jua likiwa kali maji yanachemka, mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika na kuchukuliwa na maji. Mimi nilikuwa nimefunga kamba za kotonii na spinosamu sehemu tatu, mbili kwenye vigingi maji mafupi na moja kwenye chelezo maji ya kina, nikawa nazipima kila bamvua.

Slaidi zilikuwa 22. Nilizichapisha ndogo ndogo kwenye karatasi, nikazikata kwa mkasi, nikazitandaza mkekani. Nawashauri mfanye hivyo. Kwenye kompyuta kila slaidi inakutazama peke yake na kukuomba uihurumie. Mkekani unaona kwamba slaidi saba zinasema jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua.

Sasa ubakishe ipi? Nilikaa nalo hilo usiku mzima, na aliyenitoa ni bi mkubwa mmoja mkulima, ambaye kamba zangu mbili zilikuwa ndani ya shamba lake. Wiki kadhaa nyuma, nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba halafu akaniuliza bila kuinua macho kwenye kamba yake: “Mwanangu, nirudi kuipanda kotonii au niiache?” Ndiyo swali. Kazi yangu yote ilikuwa na maswali manne au matano, na katika dakika ishirini yote yalipata nafasi. Katika dakika tano linaingia moja. Nikaandika jibu kwa sentensi moja juu ya karatasi: kotonii irudi, lakini pale ambapo maji ni ya kina au yanapita kwa nguvu. Kisha nikaokota mkekani slaidi yenye ushahidi wa sentensi hiyo. Ilikuwa namba 14, grafu ya ukuaji.

Kutoka hapo nikarudi nyuma, si kwenda mbele. Mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yangu anahitaji kuona nini ili aisome slaidi 14 na kuiamini? Anahitaji kujua kotonii inayokufa inafananaje. Anahitaji kujua kigingi ni kipi na chelezo ni kipi. Basi. Historia ya mwaka 1989 hahitaji. Jedwali la chumvi ya maji hahitaji, kwa sababu katika vipimo vyangu chumvi haikutofautiana sana na haibadili jibu. Slaidi ya “Yaliyomo” ndiyo ya kwanza kuondoka: kumwambia mtu utakachomwambia ndani ya dakika tano ni kumlia muda wake. Maandiko ya waliotangulia, ambayo yalikuwa slaidi nzima ya maneno madogo, yakawa nusu sentensi ya mdomo. Slaidi nne za njia ya utafiti zikawa mchoro mmoja wa kamba mbili, moja chini kwenye mchanga, moja juu ya maji inaning’inia.

Shukrani nazo nilizitoa mwisho nikaziweka kwenye slaidi ya jina, pamoja na nembo za waliotoa fedha. Nembo usizitupe kabla hujauliza, maana wafadhili wengine huziweka kwenye masharti.

Pagumu palikuwa grafu yenyewe. Ilikuwa na mistari sita, sehemu tatu mara aina mbili za mwani, na kisanduku cha maelezo pembeni chenye rangi zinazofanana. Ukiiweka ile mbele ya watu kwa dakika moja na nusu, dakika nzima itaishia kwenye kutafuta rangi ipi ni ipi. Mistari mitatu ya spinosamu niliitoa, kwa kuwa bi mkubwa hakuniuliza spinosamu. Ikabaki mitatu ya kotonii: ya maji ya kina iliyopanda vizuri, ya maji mafupi iliyoanguka, na ya shamba la pili la maji mafupi, ambayo ilikuwa katikati. Lile shamba lipo karibu na mkondo, maji hayatulii pale, na kotonii yake ilivumilia muda mrefu zaidi.

Nikubali, nilitaka kuutoa mstari ule wa katikati. Bila huo grafu inakuwa safi kama ya kitabuni: kina juu, fupi chini, mjadala umekwisha. Na hakuna ambaye angejua. Lakini pale ndipo kupunguza kunapogeuka kuwa kusema uongo, na mtu mgeni katika kazi hii anaweza kuvuka mstari bila kuuona. Kipimo ninachotumia ni kimoja. Nikitoa kitu, jibu linabaki lile lile? Spinosamu na chumvi nilivitoa, jibu likabaki. Ule mstari wa katikati ukitoka, jibu linakuwa “panda maji ya kina tu”, na hilo si nililoliona. Ukabaki, maana ndio ushahidi wa maneno “au yanapita kwa nguvu” kwenye sentensi yangu.

Kwa kipimo hicho hicho, slaidi ya mapungufu iliondoka lakini pungufu moja halikuondoka. Nilipima msimu mmoja. Nililiandika kwenye grafu yenyewe, chini, kwa herufi zinazosomeka: “msimu mmoja, sehemu tatu”. Kwenye mada ndefu tahadhari ina slaidi yake na msikilizaji anaifikia. Kwenye fupi, ikikaa mbali na grafu inaachwa nyuma, na matokeo yanatoka mlangoni yakiwa makubwa kuliko yalivyo.

Kisanduku cha rangi nilikifuta, nikaandika jina la kila mstari pale mstari unapoishia. Kisha nikaweka kompyuta mezani, nikarudi nyuma hatua tano. Nilichoshindwa kukisoma nilikikuza au nikakifuta. Namba za mhimili zilibaki nne.

Muda sasa. Nilijirekodi kwa simu nikizungumza kawaida, nikahesabu: maneno kama 105 kwa dakika. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, msijipimie kwa hesabu za lugha nyingine. Dakika tano basi ni maneno 500 na kidogo, na huwezi kuzijaza zote, kwa sababu kuna kipaza sauti cha kurekebisha na slaidi inayochelewa kufunguka. Nilipanga sekunde 280: jina na utangulizi 30, picha ya kotonii iliyokufa mkononi 60, mchoro wa kamba mbili 50, grafu 100, jibu 40. Sekunde 20 nikaziacha wazi. Na kabla ya yote niliwauliza waandalizi kama maswali yamo ndani ya zile tano. Hayakuwamo. Yangekuwamo, mchoro ungeunganishwa na picha.

Halafu kuna itifaki. Nyinyi wa hapa hamhitaji kuelezwa kwamba mtu hasimami tu akaanza na grafu. Nilijipima nikiwasalimu mgeni rasmi, mkurugenzi, mwenyekiti wa kikao, masheha waliohudhuria na wageni waalikwa mmoja mmoja: sekunde 50, yaani muda wote wa mchoro wa kamba. Nikabakisha “Asalaam aleikum, mgeni rasmi, mwenyekiti, itifaki imezingatiwa”, na hakuna aliyenuna.

Slaidi nilizozitoa sikuzifuta. Kwanza hifadhi faili kwa jina jipya, ile ndefu usiiguse. Kwenye hilo jipya, ndani ya PowerPoint, zihamishie nyuma ya slaidi ya mwisho, bonyeza kulia kila moja na uchague “Hide Slide”. Hazitaonekana ukiwasilisha, lakini mtu akiuliza kuhusu chumvi, unaandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter, inakuja. Angalizo: waandalizi wakiunganisha faili za wasemaji wote kuwa moja, namba zako zinabadilika zote. Na ukitoa PDF, ifungue uangalie kama zilizofichwa zimeingia katikati ya watu.

Siku moja kabla ya mkutano ilikuwa bamvua, nikashuka pwani. Nilimwomba bi mkubwa anisikilize dakika tano, simu mkononi ikihesabu, bila slaidi, nikichora grafu mchangani kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kufunga mbegu. Nikamaliza kwa sekunde 275. Nikafurahi.

“Nimekufahamu,” akasema. “Kotonii irudi, maji ya kina. Na chombo cha kunifikisha huko nani ataninunulia? Na mimi kuogelea sijui.”

Slaidi ya gharama za chombo ilikuwa namba 19. Nilikuwa nimeificha kwa sababu niliihesabu kuwa ni uchumi na mimi nazungumzia bahari. Kwa kipimo changu mwenyewe ilikuwa inabadili jibu. Usiku ule niliifungua, nikatoa mapendekezo mawili kati ya matatu kwenye slaidi ya tano, nikaweka picha ya mtumbwi na mstari mmoja wa maneno: bila chombo na bila kujua kuogelea, maji ya kina si ya kila mkulima. Sekunde 20 nilizoziacha wazi zikapungua zikawa nane.