Msiandike "Mtume wa mwisho" mkaishia hapo

"Mwalimu, huku Ujiji tulibishana barazani baada ya isha. Mmoja alisema nabii na rasuli ni kitu kimoja, mwingine akakataa katakata. Nani ana haki?"

Aliyekataa. Neno nabii, wengi hulinasibisha na nabaa, yaani habari. Rasuli ni mwenye kutumwa, nasi tukalifasiri kwa kitenzi chetu: tuma, mtume, kama teua, mteule. Maulamaa wengi husema nabii ni aliyeletewa wahyi, na rasuli ni nabii aliyetwikwa pia kazi ya kuufikisha kwa watu. Basi kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume. Wanaoongeza kwamba mtume lazima aje na sheria mpya wamfikirie Yusuf: Sura Ghafir aya ya 34 inamtaja kuwa mtume, naye mwenyewe, katika sura yake aya ya 38, anasema amefuata mila ya baba zake.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kila msimu wa maulidi. Mabango yanaandikwa "Muhammad, Mtume wa mwisho," basi. Si uongo, lakini ni maneno yenye upenyo mkubwa. Aya ya 40 ya Al-Ahzab haikusema hivyo. Imesema ni Mtume wa Mwenyezi Mungu na Mwisho wa Manabii. Neno limebadilishwa katikati ya sentensi moja, nasi tunaliandika kana kwamba halikubadilika!

Nendeni mwaloni Kibirizi. Mchuuzi akikwambia migebuka imekwisha, bado unaweza kupata dagaa. Akikwambia samaki wamekwisha, huulizi tena mgebuka, maana kila mgebuka ni samaki. Ndivyo ilivyo hapa. Akija mtu akasema, "Mimi si mtume, sina kitabu wala sheria, ni nabii tu," mwenye bango atamjibu nini? Bango lake limefunga migebuka na kuacha dagaa. Aya imefunga samaki wote: ukishasema manabii wamekwisha, mitume nao wamekwisha, kwa kuwa hakuna awezaye kuwa mtume bila kuwa nabii kwanza.

Mtume mwenyewe alichagua neno hilohilo. Alipomwacha Ali Madina akienda Tabuk, alimwambia kwamba kwake yeye ana cheo cha Harun kwa Musa, kisha akaongeza: ila hakuna nabii baada yangu. Angesema "hakuna mtume," mtu angeweza kubakiza unabii kwa Ali.

Na mkiulizwa mbona Nabii Isa anatarajiwa kushuka, jibuni kwamba unabii wake alishapewa kabla ya Muhammad. Kilichofungwa ni kupewa mtu mwingine unabii. Kwa hiyo andikeni "Mwisho wa Manabii," kwa herufi kubwa, hata kama kitambaa kitalazimika kuongezwa nusu mita.