Maneno ya mwenyekiti wakati wa kura na kazi ya katibu baada ya kikao

Kumbukumbu nyingi za vikao huharibika katika dakika chache zilizo kati ya mjadala na kura, pale mwenyekiti anaposema "basi tumekubaliana" na kila mjumbe akaondoka na makubaliano yake kichwani. Kwa hiyo wewe unayeanza kuongoza vikao, andaa karatasi yenye maneno utakayoyatamka kwa kila hoja, ukiacha nafasi wazi za kujaza, na umpe katibu nakala yake kabla ya kikao.

Tuchukue mfano wa kikao chenye wajumbe 14 wenye haki ya kura, ambapo mjumbe mmoja anapendekeza printa inunuliwe. Usifungue mjadala bado. Sema: "Naomba hoja hiyo itamkwe kwa sentensi moja. Nani anaiunga mkono?" Kisha isome mwenyewe, polepole kiasi cha katibu kuiandika: "Hoja ni kwamba kikao kiidhinishe ununuzi wa printa moja kwa ajili ya ofisi." Majina ya mtoa hoja na aliyeiunga mkono yatajwe hapo hapo, kwa kuwa kuyatafuta baadaye ni kazi ya kubahatisha.

Katikati ya mjadala, mjumbe mwingine anataka yaongezwe maneno "kabla ya tarehe 30 Juni". Hapa ndipo wenyeviti wapya hupotea, kwa sababu wajumbe huanza kujadili mambo mawili kwa pamoja. Tamka wazi: "Sasa tunajadili marekebisho peke yake." Marekebisho nayo yaungwe mkono na yapigiwe kura kwanza, yakipita, soma hoja nzima upya pamoja na maneno yaliyoongezwa, ndipo uiite kura ya mwisho.

Kura ya mwisho iwe na maswali matatu yasiyorukwa: "Wanaoafiki? Wanaopinga? Wasioegemea upande wowote?" Tuseme umepata 9, 3 na 1. Jumla ni 13, na wajumbe ni 14. Usitangaze matokeo. Ama mmoja ametoka, ama mkono mmoja haukuhesabiwa. Ulizia, hesabu tena ikibidi, na aliyetoka aandikwe kuwa ametoka, maana huenda akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, nayo imeguswa. Vilevile, hakikisha mapema katiba yenu inasemaje: wingi wa kura huhesabiwa kwa waliopiga kura au kwa wote waliohudhuria? Jibu liandikwe juu ya karatasi yako, kwani likitafutwa baada ya kura litaonekana kupendelea upande mmoja.

Ikibainika kwamba mjumbe mmoja alitoka, tangaza kwa sentensi ambayo katibu ataihamisha ilivyo: "Kikao kimeidhinisha ununuzi wa printa moja kwa ajili ya ofisi kabla ya tarehe 30 Juni, kwa kura 9 za kuafiki, 3 za kupinga na 1 isiyoegemea upande; mjumbe mmoja hakuwepo ukumbini." Kabla ya kuita ajenda inayofuata, uliza nani atatekeleza, kisha mwombe katibu asome alichoandika.