Pumba zimeongeza tatizo la choo kigumu: nifanyeje?

Swali: Daktari, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41. Napata choo kigumu, mara moja kila baada ya siku tatu au nne. Nimeshauriwa kutia pumba za ngano kwenye uji, vijiko vikubwa vitatu kila asubuhi, lakini tumbo limejaa gesi na choo kimezidi kuwa kigumu. Je, niongeze pumba?

Jibu: La, usiongeze. Acha pumba kwa sasa, kwani kinachokosekana kwako huenda si nyuzinyuzi bali maji na mwendo.

Kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula, na kadiri mabaki yanavyokaa humo ndivyo yanavyokauka. Nyuzinyuzi huongeza ujazo wa choo na kushikilia maji ndani yake, hivyo kuta za utumbo huhisi mzigo na kuusukuma mbele. Usipokunywa vya kutosha, kama wafanyavyo wengi ambao choo kiko mbali na kibanda cha kazi, unaongeza mzigo mkavu kwenye njia iliyokwisha kuziba, huku bakteria wakichachusha sehemu ya pumba hizo na kutoa gesi inayokujaza tumbo.

Anza na maji. Kunywa mpaka mkojo uwe na rangi ya njano hafifu. Kwa mtu mzima mwenye afya, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku hutosha, na kuzidisha hapo hakulainishi choo zaidi. Utumbo mpana husukuma kwa nguvu baada ya kula, hasa asubuhi, kwa hiyo kunywa chai, tembea dakika kumi, kisha nenda chooni bila haraka. Ukitumia choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga. Kazini, inuka kila saa.

Choo kikishaanza kutoka, rudisha nyuzinyuzi kupitia chakula: papai, bamia, maharage, dona badala ya sembe. Ongeza kimoja tu kila wiki. Lengo la mtu mzima ni takriban gramu 25 kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyopikwa pekee hutoa takriban nusu yake.

Wapo ambao nyuzinyuzi haziwasaidii hata wakinywa maji: wenye utumbo unaosukuma polepole mno, wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na wale ambao misuli ya njia ya haja hukaza badala ya kulegea wanapojikamua. Ukihisi choo kipo mlangoni lakini hakitoki, au choo cha majimaji kikavuja baada ya siku nyingi za kufunga (wengi hudhani ni kuhara, kumbe ni majimaji yanayopita kando ya choo kilichoziba), usile pumba wala usinywe dawa ya kuzuia kuhara; nenda ukapimwe. Damu kwenye choo, au uzito kupungua bila sababu, navyo vinahitaji daktari. Tumbo likivimba ukaanza kutapika na hewa haitoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tueleze pia kama unameza vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hukausha choo.