LAPS: kabla hujaiwasha, angalia kwanza nani anaweza kusoma paswedi

*"Wakuu, nina kompyuta 200 kwenye domeini, zote paswedi moja ya admini. Wiki hii naweka LAPS, ile ya Microsoft inayoipa kila kompyuta paswedi yake ya admini. Paswedi iwe na herufi ngapi, ibadilike kila siku ngapi, na laptopu za wanaosafiri nifanyeje? Vijana wa dawati la msaada tayari wana Full control kwenye OU, yaani folda ya kompyuta ndani ya Active Directory."*

Mkuu, hiyo sentensi yako ya mwisho imenitoa jasho. Usiwashe kitu.

Full control inabeba ndani yake All extended rights, na mwenye haki hiyo anasoma paswedi ya LAPS ya kila kompyuta iliyomo kwenye OU. Sisi tuliweka LAPS ya zamani, inayohifadhi paswedi bila kuificha kwa msimbo. Mshauri mmoja, aliyelipwa vizuri kuliko mimi, alituapia kwamba wizi wa hashi, ile alama ya paswedi ambayo mwizi huing'oa mashine moja akaingilia nyingine, umekwisha. Haki za OU hakuziangalia hata kwa jicho moja.

Kijana wetu wa dawati akabofya barua pepe mbovu, akaunti yake ikaibwa. Mwizi akaandika mstari mmoja tu:

```
Get-ADComputer -Filter * -Properties ms-Mcs-AdmPwd
```

Akapata paswedi zote, ndefu, kila moja tofauti, kila moja na jina la mashine yake. Zamani angalau angehangaika kung'oa hashi kwenye mashine moja. Sisi tulimwandalia orodha. Tulishtuka tulipoona tukio 4624, la kuingia kwenye mashine, la Administrator wa ndani kwenye mashine kibao ndani ya saa moja, yote yakitoka kwenye kompyuta ileile. Tukaamuru paswedi zote zibadilike, lakini mashine zilizokuwa zimezimwa zilibaki na za zamani mpaka zilipowashwa. Nilizunguka vyumbani nikibonyeza swichi kama mlinzi wa zamu.

Kwa hiyo anza na hii, weka jina la OU yako:

```
Find-LapsADExtendedRights -Identity "OU=Kompyuta,DC=mfano,DC=lan" -IncludeComputers
```

Soma safu ya ExtendedRightHolders. Ukiona mtu zaidi ya SYSTEM na Domain Admins, uliza alifikaje pale. Usiiache -IncludeComputers, kwa sababu kompyuta moja moja inaweza kuwa na haki zake ambazo ukiangalia OU peke yake huzioni. Vijana waondolee Full control, wabaki na haki ya kuunganisha kompyuta kwenye domeini basi. Anayelazimika kusoma paswedi mpe akaunti ya pili isiyofungua barua pepe, kisha uruhusu kundi la akaunti hizo kwa Set-LapsADReadPasswordPermission.

LAPS mpya, iliyokuja ndani ya Windows Aprili 2023, inaweza kuficha paswedi kwa msimbo domeini ikiwa kwenye ngazi ya Windows Server 2016 au juu yake. Tumia. Ila ukiwataja hao hao vijana kuwa wafunguaji, umerudi nilipokuwa mimi.

Herufi 14 na siku 30 za kawaida ziache zilivyo. Uliuliza na kingine, nimesahau. Endesha hiyo amri, ubandike majibu hapa.