Vipimo vinne vya stoo kwa ukurasa wa Jumatatu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, tuna bidhaa kama 640. Mfumo wetu unatoa ripoti yenye safu 27 na bosi haisomi. Anataka ukurasa mmoja kila Jumatatu asubuhi. Niweke vipimo vipi, na nikiviona nitajuaje vinaniambia nini?

Jibu: Ndugu yangu, weka vinne tu: usahihi wa hesabu, siku za mzigo, siku za ukosefu na mzigo uliolala. Kasi ya mzunguko wa mzigo iache, maana ni siku za mzigo hizo hizo zilizogeuzwa kichwa chini: siku 42 na mizunguko 8.7 kwa mwaka ni habari moja. Faida kwa kila bidhaa isubiri ripoti ya mwezi, kwa wiki moja haitulii.

Kabla ya hesabu yoyote, gawa bidhaa zako. Zipange kwa thamani ya mzigo uliotoka, kubwa juu, kisha shuka ukijumlisha mpaka ufike asilimia 80 ya jumla. Hizo ndizo kundi A, na katika maduka ya aina yako huwa ni chache kuliko watu wanavyodhani: saruji, nondo za saizi mbili tatu, mabati ya geji inayopendwa, misumari. Tuseme kwako zimetokea 40. Zile 600 nyingine ziite B na C. Bila mgawanyo huu ukurasa wako utakudanganya, na nitakuonyesha namna.

Chukua stoo yenye mzigo wa sh. milioni 186 kwa bei ya kununulia. Katika siku 28 zilizopita umetoka mzigo wa milioni 124, nao kwa bei ya kununulia. Usichanganye na bei ya kuuzia. Ukigawanya gharama kwa mauzo yenye faida ndani yake, siku zitaonekana chache kuliko zilivyo. Zidisha 186 kwa 28, gawanya kwa 124, unapata siku 42. Yaani kwa kasi hii mzigo uliopo unatosha wiki sita. Natumia siku 28 kwa sababu zina Jumatatu nne na Jumamosi nne, na mara nyingi zinakuwa na mwisho wa mwezi mmoja ndani yake. Ukitumia wiki moja, fundi mmoja akilipwa na kuja na lori lake anakuvurugia picha yote.

Siku 42 zinapendeza, hasa kama mzigo unachukua siku 10 tangu kuagiza mpaka kushusha. Bosi ataridhika na kunywa chai. Sasa ugawe. Kundi A lina mzigo wa milioni 62 na limetoa milioni 99.2: siku 17 na nusu. B na C zina milioni 124 na zimetoa milioni 24.8: siku 140. Kumbe duka limebanwa upande mmoja na limejaa upande mwingine, na wastani umeficha yote mawili. Kwa hiyo kwenye ukurasa siku za mzigo ziandikwe mara mbili, A peke yake na zilizobaki peke yake. Kama kundi lipo safu B, thamani ya mzigo safu F na uliotoka safu G, kwenye Excel ya A ni hii:

```
=SUMIF(B2:B641,"A",F2:F641)*28/SUMIF(B2:B641,"A",G2:G641)
```

Takwimu zote zitolewe saa ile ile kila wiki, kwa mfano Jumamosi jioni duka likishafungwa. Ukizitoa wiki hii kabla lori halijashusha na wiki ijayo baada ya kushusha, siku za mzigo zitaruka bila chochote kubadilika.

Kipimo cha pili ni siku za ukosefu, na hiki ni cha kundi A tu. Bidhaa 40 kwa siku 6 za kazi ni nafasi 240. Kila bidhaa ambayo mteja hawezi kuondoka nayo siku hiyo, hesabu moja. Mtu aende kuangalia kwa macho asubuhi, na karatasi mkononi. Asisome kwenye mfumo. Tuseme wiki hii nondo za mm 12 zimekosekana siku 4, mabati geji 28 siku 5, misumari ya inchi 4 siku 3. Jumla 12, ambayo ni asilimia 5. Andika asilimia, lakini chini yake andika na majina. Asilimia 5 haimwambii bosi ampigie nani simu. "Mabati geji 28, siku 5" inamwambia.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Bidhaa ikikosekana haiuzwi. Isipouzwa, kasi yake kwenye mfumo inashuka. Kasi ikishuka, siku za mzigo zinaonekana kuongezeka na kiwango cha kuagiza kinapungua, halafu unaagiza kidogo na bidhaa inakosekana tena. Tazama nondo za mm 12. Katika siku 24 za kazi zimeuzwa 1,200, mfumo unasema 50 kwa siku. Lakini siku 4 kati ya hizo hazikuwepo kabisa, kwa hiyo zimeuzwa katika siku 20, na kasi ya kweli ni 60. Kama unaagiza ukibakiwa na mzigo wa siku 13 za kazi, yaani 10 za kusubiri na 3 za akiba, mfumo unakuambia uagize zikibaki 650, wakati ulipaswa kuagiza zikiwa 780. Zile 130 zinazopungua ndizo siku mbili za kumwambia mteja "zinakuja kesho". Kwa kundi A, gawanya kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo. Na kinyume chake: mkandarasi akichukua nondo 900 kwa mkupuo mmoja, mtoe kwenye hesabu, maana hatarudi wiki ijayo kufanya hivyo tena.

Hivi viwili visome pamoja, kimoja peke yake hakina maana. Siku za mzigo zikipanda na ukosefu nao ukapanda, fedha ipo ila inanunua vitu visivyotakiwa; kaa na mnunuzi. Siku zikishuka na ukosefu ukipanda, ama fedha ya kuagizia imekauka ama msambazaji anachelewa, basi angalia tarehe za oda zilizo wazi kabla ya kumlaumu mtu. Siku zikipanda na ukosefu upo sifuri, usishangilie haraka. Angalia kama mzigo umeongezeka au mauzo yamepungua, kwa sababu gawio linapanda kwa njia zote mbili, na dawa zake hazifanani.

Mzigo uliolala mifumo mingi huupima kwa tarehe ya mwisho ya kuuzwa: bidhaa isiyotoka kwa siku 90 inaingia kwenye orodha. Mimi sipendi kipimo hicho. Una ndoo 80 za rangi ya chungwa iliyokolea, za lita 20. Mwezi huu imeuzwa moja, basi ndoo zote zinatoka kwenye orodha kana kwamba zimepona. Kwa kasi hiyo zitaisha baada ya siku 2,240, zaidi ya miaka sita, na rangi itakuwa imeganda zamani. Pima badala yake bidhaa zenye mzigo wa zaidi ya siku 180, pamoja na zile ambazo hazijatoka kabisa, na ujumlishe thamani yake. Bidhaa mpya zilizoingia juzi zitoe kwanza. Kwenye mfano wetu ikitoka milioni 58, ni asilimia 31 ya mzigo wote. Namba hii haiyumbi kwa wiki, kwa hiyo usitafute maana kwenye tofauti ndogo. Cha kuangalia ni zilizoingia kwenye orodha wiki hii, na tano za juu kwa thamani. Saruji ikionekana humo usisubiri ripoti ijayo. Miezi mitatu penye unyevu inatosha kuanza kuifanya mabonge mifukoni.

Nimeacha usahihi wa hesabu mwisho, lakini kwenye ukurasa uwe wa kwanza, maana ndio unaosema kama hivyo vingine viaminiwe. Kila wiki hesabu bidhaa 25: 15 za kundi A, 10 kwa kubahatisha kutoka zilizobaki. Linganisha na mfumo, na hesabu ngapi zimelingana. Vinavyouzwa kwa kilo, kama misumari, vipe nafasi ya asilimia 2. Vinavyohesabika kimoja kimoja visipewe. Zikilingana 21, ni asilimia 84, na kwangu mimi chini ya 95 ni wiki ya kusoma vipimo vingine kwa tahadhari. Anayehesabu asipewe namba ya mfumo. Kuna stoo niliyowahi kukagua iliyoandika asilimia 100 wiki tisa mfululizo. Niliomba ngazi nione rafu ya juu, nikaambiwa imo kwenye chumba ambacho ufunguo wake ulipotea tangu kabla ya wiki hizo tisa. Walikuwa wananakili kadi ya stoo.

Zidio na pungufu usizifute zenyewe kwa zenyewe. Nondo za mm 10 zimezidi 30 na za mm 12 zimepungua 30: ukijumlisha unapata sifuri, na umekosa habari yenyewe, kwamba kuna mtu anatoa mm 12 lakini anaandika mm 10 kwenye risiti. Ukiona salio hasi kwenye mfumo, mara nyingi mzigo umeuzwa kabla haujapokelewa kwenye kompyuta. Fuata hati ya kupokelea, usirekebishe namba tu.

Chini ya vipimo acha nafasi ya mistari mitatu, uandike kwa mkono wako kabla ya kumpelekea bosi. Kwa wiki ya mfano wetu ningeandika hivi: hesabu ni 84, bidhaa nne zinahesabiwa upya leo. Nondo za mm 12 kiwango cha kuagiza kipande kutoka 650 hadi 780, na msambazaji wa mabati aulizwe oda iko wapi. Rangi ya chungwa isiagizwe tena, na ndoo 20 zishushwe bei Jumamosi hii.