iPhone Yenye GB 64 Haiishi Kulalamika: Maswali Yenu

Nimefanya Offload App kwa programu kama kumi, simu bado inasema imejaa. Kwa nini?

Fungua Settings, General, iPhone Storage, usubiri orodha ijipange, kisha gusa programu moja moja. Kila moja ina mistari miwili: App Size na Documents & Data. Offload App, yaani kuipumzisha programu, huondoa ule wa kwanza tu. Tuseme WhatsApp yako ina App Size ya MB 300 na Documents & Data ya GB 18: ukiipumzisha utapata MB 300, na zile GB 18 zitabaki palepale. Wa kupumzisha ni mchezo wa GB 2 wenye data ya MB 40 ambao hujaucheza tangu Ramadhani.

WhatsApp husafishwa ndani yake. Ingia kwenye mipangilio yake, Storage and data, Manage storage, uanze na faili kubwa kuliko MB 5. Magrupu ya harusi na ya mtaa ndiyo huongoza, sijaona simu iliyo tofauti. Halafu zima Save to Photos iliyo chini ya Chats, la sivyo kila picha unayotumiwa inahifadhiwa mara mbili.

Programu niliyoipumzisha itarudi na mambo yangu?

Itarudi, data yako ikiwemo, mradi una intaneti na programu bado ipo App Store. Ikiwa imeondolewa huko, hairudi. Kwa sababu hiyo mimi huzima Offload Unused Apps, ile inayopumzisha yenyewe, na kuchagua kwa mkono.

Nimefuta video zote za send-off ya dada, nafasi haikuongezeka hata kidogo!

Ziko Recently Deleted, ambako hukaa siku 30 zikila nafasi ileile. Ingia humo ndani ya Photos, uzifute tena. Hapo haziokoleki, kwa hiyo hakikisha dada ana nakala.

Kisha tazama Settings, Camera, Record Video. Dakika moja ya 4K kwa fremu 60 hula takriban MB 400, ya 1080p kwa fremu 30 hula kama MB 60. Kwa video za kutuma WhatsApp, hiyo ya pili inatosha kabisa.

Nikiwasha iCloud Photos, naweza kufuta picha kwenye simu zibaki kule?

Hapana! Ukifuta huku, kule nako inafutika. Unachotaka ni Optimize iPhone Storage: nafasi ikibana, simu hubaki na nakala ndogo, picha kamili zikikaa iCloud. Ila GB 5 za bure hazitoshi ukiwa na picha za, tuseme, GB 27, itabidi ulipie. Usipotaka kulipa, iache iCloud Photos ikiwa imezimwa, hamishia picha kwenye kompyuta kwa waya, fungua chache uone kama ni nzima, ndipo ufute za kwenye simu.