Kukagua malipo ya vibarua wa kahawa: anzia kwenye mizani

Wengi wakiitwa kukagua malipo ya wachumaji wa kahawa huku Moshi hukimbilia daftari la karani. Wanajumlisha, hesabu inatimia, wanaondoka. Daftari la mtu mmoja lazima litimie, maana kaliandika mwenyewe. Mimi naanzia kwenye mashine ya kumenyea kahawa, kwa sababu anayepima pale siye anayehesabu debe shambani.

Chukua wiki moja niliyokagua. Daftari lilisema debe 640, kila moja shilingi 2,000. Nikapima debe kumi zilizojazwa mbele yangu, wastani ukawa kilo 12.5. Kwa hiyo mashine ilipaswa kupokea kilo 8,000. Kitabu cha mizani kilikuwa na 6,950, na mbichi zilizochambuliwa na kutupwa zilikuwa kilo 150. Zimepotea kilo 900, yaani debe 72, shilingi 144,000.

Hapo usimshike mtu. Debe isiyojaa inaweza kukupa pengo hilo hilo, na kahawa kuibwa njiani pia. Ila sababu hizo kwa kawaida hutapakaa wiki nzima. Nilipogawa pengo siku kwa siku, debe 68 ziliangukia Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo msimamizi alikuwa mjini. Nikafungua kurasa za siku hizo: majina manne hayakuwapo siku nyingine yoyote, na kila moja lina debe 17 kamili kwa siku hizo mbili. Mchumaji hodari wa shamba lile, kahawa ikiwa imeiva vizuri, alikuwa anafikisha 6 kwa siku.

Jumamosi nilikaa meza ya malipo bila kumwarifu mtu. Kila mmoja aliitwa, akachukua bahasha yake, akaweka dole gumba. Majina yale manne hayakuitika. Karani akasema, "Nipe tu mimi, ni majirani zangu, nitawapelekea jioni." Nikamjibu waje wenyewe Jumatatu. Hawakuja, na bahasha zikarudi kwa mwenye shamba.

Tangu hapo karani anahesabu debe tu, hashiki pesa. Mtu wa mizani ana kitabu chake na hakipitii kwa karani. Bahasha isiyochukuliwa hailali kwa mtu yeyote wa shambani.

Kulipa kwa simu kunasaidia, lakini namba moja kupokea malipo ya watu watatu si ushahidi wa wizi. Mama na binti zake huwa na simu moja. Vilevile mama mmoja akiandikwa debe 11 kwa siku, ulizia kwanza nani alikuwa naye kwenye mstari. Mara nyingi utakuta ni watoto, na kama hawajafika miaka 14, mwenye shamba ana tatizo jingine la kisheria, wala halihusu karani. Liandike peke yake kwenye ripoti.